Sarafu za Mwenye Eda

Mie kazi yangu ni kukagua hesabu za watu, na watu hawanipendi. Nshazoea. Nikiingia ofisini kwa mtu, chai inaletwa upesi kupita kiasi, kiti kinapanguswa, na kila mmoja anakumbuka ghafla kuwa ana safari ya Pemba. Kazi ile ya kampuni ya Matemwe haikuwa hivyo. Pale nilipokelewa kama mganga aliyengojwa na wagonjwa, na hilo ndilo lililoniuma, maana mfukoni sikuwa na dawa yoyote.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya familia. Walikuwa na vibanda vya wageni Matemwe, na mashua kadhaa Kizimkazi za kuwapeleka watalii kuwaangalia pomboo. Ofisi yao ilikuwa mjini, juu ya duka la vitambaa nyuma ya Darajani, na ngazi zake zilikuwa nyembamba hata nilikuwa nikipanda upande upande. Mzee aliyeianzisha kampuni alikuwa amefariki mwaka haujafungwa hesabu. Walibaki wawili wenye sauti. Mmoja ni mjane wake, mwenye nusu ya hisa na mkurugenzi kwa haki yake. Wa pili ni kijana wao, nasema kijana lakini ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto, aliyeingia ukurugenzi baada ya babake, na yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mambo.

Mjane alikuwa bado ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi za kumkalia mume. Haonani na wanaume wasiokuwa maharimu zake, jamaa asioweza kuolewa nao, hatoki, hajipambi. Ndiyo sababu mkubwa wangu wa kazi akanisukumia mie faili lile.

"Wewe ni mwanamke," akaniambia, "utaingia mpaka chumbani."

Nikamjibu kuwa kwa miaka yote aliyokuwa akiniachia mafaili mabaya, leo kwa mara ya kwanza ametoa sababu. Akacheka. Mie sikucheka sana.

Shida ilikuwa hii. Marehemu alikuwa akipokea malipo ya baadhi ya wageni kwa bitkoini. Wageni wenyewe ni wale vijana wa Ulaya wanaokaa mwezi mzima na kompyuta zao mapajani, wasiopenda kusikia habari za benki. Alianza siku ambazo bei ilikuwa chini na watu wakimcheka. Hakuziuza. Kila alipoulizwa akisema akiba haiozi. Bei ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, mpaka zile sarafu zikawa na thamani kubwa kuliko vibanda na mashua vikiwekwa pamoja.

Na juu ya kampuni kulikuwa na mkopo. Vibanda vya Matemwe vilijengwa kwa fedha ya benki, na rehani yake ilikuwa nyumba ya Kiembe Samaki, nyumba ambayo mjane yule aliachiwa na babake, alizaliwa humo, akaolewa humo, na sasa anakaa eda humo. Mkopo ulikuwa umechelewa. Benki ikasema itakubali kuupanga upya ikiletewa hesabu zilizokaguliwa, zikionyesha kuwa kampuni ina mali ya kutosha. Bila ya hivyo, nyumba inanadiwa. Kwa hiyo kila nilichokuwa nikikigusa kwenye faili lile, nilikuwa nikigusa paa la mwanamke mmoja.

Siku ya kwanza kijana alinionyesha simu yake. Kulikuwa na anwani ndefu ya herufi na namba zisizo na maana, na chini yake idadi ya sarafu.

"Hizi hapa, dada. Ziko wazi, dunia nzima inaziona. Mnakagua nini tena?"

Nikavuta pumzi. Watu wengi wanadhani ukaguzi ni kuangalia kitu na kutikisa kichwa. Nikamwambia kuwa nataka kujua mambo manne: hizi sarafu ni za nani, ziko chini ya ulinzi wa nani, nani anaweza kuzihamisha leo akitaka, na zilikuwa na thamani gani siku ya kufunga mwaka. Kuziona tu hakujibu hata moja. Anwani ile hata mie ningeweza kuifungua kwenye simu yangu na kusema ni yangu. Nani angenipinga?

"Lakini wewe si mwizi," akasema.

"Hayo unayasema wewe. Hesabu haziandikwi kwa imani, bwana mdogo."

Tukaanza na la kwanza, na hilo, niseme kweli, lilinipa moyo. Nilikaa na karatasi za wageni, kila aliyelipa kwa bitkoini, nikatazama siku aliyolipa na kiasi alicholipa, kisha nikatafuta malipo yale yale kwenye daftari la wazi la mtandaoni, lile ambalo kila mtu duniani analiona na hakuna anayeweza kulifuta. Yakakubaliana. Mgeni wa chumba cha ufukweni, huyu hapa. Kundi la pomboo, hili hapa. Moja baada ya moja sarafu zikaingia kwenye anwani ile ile, na hakuna hata moja iliyotoka. Kulikuwa pia na kumbukumbu za kikao cha wakurugenzi, zimetiwa saini na mume na mke, zinazosema sarafu hizo ni mali ya kampuni na si ya mtu binafsi. Hilo liliondoa wasiwasi wangu mkubwa, maana zingekuwa za marehemu mwenyewe zingeingia kwenye mirathi, na ndugu zake wangeshakuja na vikokotoo.

Thamani nayo ilitugombanisha kidogo lakini haikuwa ngumu. Kijana alitaka niandike bei ya siku ile tuliyokaa, kwa kuwa ilikuwa juu. Nikamwambia hesabu za mwaka jana zinataka bei ya siku ya mwisho ya mwaka jana. Akaenda akaniletea bei ya soko moja la mtandaoni ambalo hata jina lake sijapata kulisikia, lenye bei nzuri kuliko masoko yote. Nikamuuliza kama kampuni imewahi kuuza kitu hapo. Haijawahi. Kama inaweza kuuza hapo. Hajui. Nikachukua bei ya soko kubwa ambalo kampuni ingeweza kulifikia kweli, kwa saa moja tuliyoikubali na kuiandika, kwa sababu soko lile halifungi, hata Idi halifungi, na usipochagua saa, tamaa itakuchagulia. Tukagombana, tukanywa chai, tukaafikiana. Hata kwa bei yangu ya ubahili, mkopo ungelipwa na fedha ikabaki.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na furaha ya kipumbavu. Nikamwambia mama yangu kuwa huenda nikaokoa nyumba ya mtu. Mama akasema, "Inshallah," kwa ile sauti anayoitumia akiona nimesema mapema.

Tukafika kwenye ulinzi na funguo.

Sarafu hizi hazikai benki. Mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye kauli, basi, hakuna meneja wa kumlilia. Ufunguo wa marehemu ulikuwa ndani ya kifaa kidogo mfano wa flashi, chenye namba ya siri ya kukifungulia. Nilichokuwa nikitaka ni jambo dogo: mtu akifungue mbele yangu, na kwa ufunguo ule autie saini ujumbe niliouandika mie mwenyewe siku ile. Saini ikikubaliana na anwani, nimeridhika kuwa kampuni ina uwezo nazo kweli. Au ahamishe chembe tu ya sarafu, kiasi tulichokubaliana, nami niione inavyotoka.

Kijana akafungua mtoto wa meza, akakitoa kifaa, akakiweka juu ya meza. Hakuniangalia.

"Nshakijaribu," akasema.

"Umejaribu vipi?"

"Namba ya siri sikuwa nayo. Nikatia mwaka wake wa kuzaliwa. Nikatia wangu. Nikatia mwaka waliooana."

"Halafu?"

"Halafu kikajifuta."

Lo! Nilitamani nimrushie kile kikombe cha chai. Vifaa vile vimetengenezwa hivyo, ukikosea mara tatu kinafuta kila kitu ndani yake, ili mwizi asipate kubahatisha. Hakikujua kuwa anayekibonyeza ni mtoto wa marehemu, kilijua tu kuwa amekosea. Lakini nikajizuia, kwa sababu kufutika kwa kifaa si mwisho wa dunia. Mtu anapokiwasha mara ya kwanza, kifaa kinampa maneno ishirini na manne, ayaandike kwa mkono kwa mpangilio wake na kuyaficha. Ukiwa na maneno yale, unanunua kifaa kingine dukani, unayatia, na kila kitu kinarudi. Bila ya maneno hakuna fundi, hakuna hakimu, hakuna sheha anayeweza kukusaidia.

"Maneno yako wapi?" nikamuuliza.

"Baba aliniambia mara moja tu. Nilimwambia ayaweke benki, akanicheka. Akasema simu itaibiwa, kasha litavunjwa, lakini pale alipoyaweka yeye hakuna mwizi wa Unguja atakayethubutu kutia mkono. Mahali penyewe hakupataja."

Alikuwa ameshapekua kila pembe. Kwanza alidhani ni kwenye kabati ya misahafu, akatoa msahafu mmoja mmoja na kuupepea ukurasa kwa ukurasa. Akaenda msikitini alikokuwa babake akiswali, akaomba ruhusa, akatazama rafu za vitabu. Akafikiria hata kaburi, akaona haya mwenyewe. Mie nilikuwa nikimsikiliza na hasira yangu inahama kutoka kwake kwenda kwa marehemu. Mtu ana mke wa miaka yote ile, ana mtoto mmoja, na mali ya kampuni nzima ameibeba peke yake kichwani. Kampuni yenye akili inagawa funguo, huyu anashika hiki na yule kile, na mmoja akifa wawili wanafungua. Lakini wanaume wetu hawa! Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe wanakwenda nayo kaburini. Mungu amrehemu, lakini nilimkasirikia.

Nikamwambia kijana kuwa itabidi nizungumze na mama yake. Yeye naye ni mkurugenzi, na mie siwezi kumaliza bila ya kumhoji.

"Mama hajui chochote cha mambo haya," akasema.

"Aniambie mwenyewe kuwa hajui."

Nilikwenda Kiembe Samaki baada ya swala ya alasiri. Nyumba ni ya chini, ya zamani, ina baraza na mlango wa mbao uliopauka, na ndege zinapita juu yake zikiteremka uwanjani mpaka vioo vinatetemeka. Mtumishi akanipeleka chumbani. Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya mkeka, nguo nyeupe, tasbihi mkononi, amekonda. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye unayetutazamia hesabu?"

"Naam, ndiye mimi."

"Basi utusaidie. Mie nnasikia tu watu wanasema nyumba, nyumba. Hakuna anayenieleza."

Nikamweleza. Nilieleza polepole, bila maneno makubwa, kwa sababu ubaya wa kazi yetu ni kuwa tunawapoteza watu ndani ya maneno yetu. Nikasema mumeo aliacha akiba, ni ya kampuni, inatosha kulipa deni. Inaonekana lakini haishikiki mpaka apatikane mtu mwenye maneno fulani. Maneno ishirini na manne ya Kiingereza, yameandikwa kwa mkono, pengine kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa, na kila neno lina namba yake pembeni. Na mumeo alisema ameyaweka mahali ambapo hakuna mwizi wa Unguja atakayethubutu kutia mkono.

Tasbihi ilisimama.

Nilifikiri amechoka. Nikangoja. Ndege ikapita, kelele yake ikajaa chumba, ikaondoka.

"Maneno yenyewe," akauliza hatimaye, "yanashikana? Ukiyasoma yanaleta maana?"

"Hayaleti. Kila moja liko peke yake. Ndivyo yanavyotolewa."

"Halina udugu na mwenzake."

"Ndivyo, Bi Mkubwa."

Akainamisha kichwa. Akaanza kuzungumza akiwa ameuangalia mkeka, na mie nikaiacha kalamu.

Mumewe alikuwa na hirizi, akasema. Ilikuwa kifuko kidogo cha ngozi, kimeshonwa, na uzi wake akiufunga kiunoni ndani ya kikoi. Alianza kuivaa miaka ya karibuni. Yeye mama amelelewa na watu wa dini, watu wasiotaka hata kusikia habari za hirizi, wanaosema anayeitegemea ngozi na uzi amemuacha Mola wake. Aliiona, akamuuliza, wakagombana. Mumewe akacheka.

"Akaniambia, 'Mke wangu, hii ndiyo nyumba yako.' Mie nkadhani anakusudia inailinda nyumba na hasadi. Nkamwambia astaghfirullah, nyumba inalindwa na Mungu. Akacheka tena. Mtu wa mzaha, alikuwa. Hakunieleza."

Alipofariki, waoshaji walimkuta nayo kiunoni. Mzee aliyewasimamia akaikata uzi, akaifunga kwenye kitambaa, akamletea mjane mlangoni uso wake ukiwa pembeni, ili asimtie aibu. Kijana hakuwepo, alikuwa njiani akitoka Matemwe, alifika sanda ishafungwa. Mama akakaa na kile kitambaa. Nyumba imejaa watu wanasoma, na yeye amekamata mkononi kitu kinachomwambia kuwa mumewe amekufa na shirki mwilini, dhambi ya kumshirikisha Mungu. Akachana mshono kidogo kwa ukucha, atazame ni aya au ni uchawi. Angekuta aya angepumua.

"Haikuwa aya. Herufi za Kizungu. Moja, mbili, tatu, mistari chini kwa chini. Najua Kiingereza kidogo cha skuli. Nliona neno la ndizi. Nliona neno la kasa. Ndizi na kasa, mwanangu! Nkasema huyu mume wangu kapelekwa kwa mtu mbaya, hata hirizi ya kweli hakupewa."

Akaufumba mshono. Kuichoma aliogopa, kuitupa jaani aliogopa zaidi. Kwetu kitu kilichoandikwa na kuvaliwa hakitupwi ovyo, kinazikwa au kinapelekwa maji makuu. Akakifunga na jiwe. Yeye mwenyewe hawezi kutoka, akampa dada yake, na dada yake akaenda Kizimkazi, akaomba mashua, akapelekwa nje ya mwamba penye kina, akakizamisha. Mashua ilikuwa ya kampuni. Nahodha hakumtoza nauli.

"Sikumwambia mwanangu," akasema. "Ningemwambiaje? Nimemfichia baba yake aibu."

Kisha akaniangalia. Nilikuwa nimekaa mbele ya watu wengi katika kazi hii, wezi kwa wezi wenye tai, na wala macho yao hayajapata kunitoa pumzi. Macho yale sikuyaweza.

"Kwa hiyo nimeizamisha nyumba," akasema.

Nilitaka kusema hapana. Nilitafuta neno la kumpa, hata moja, kwenye Kiswahili chote hiki. Nikamwambia tu kuwa hakufanya kosa, kuwa kila mwanamke wa hapa angefanya vile. Ilikuwa kweli na haikumsaidia.

Akanishika mkono. "Ndizi na kasa hayatoshi?"

"Hayatoshi, Bi Mkubwa."

Nilimweleza, kwa sababu aliuliza. Maneno ishirini na mawili yaliyobaki, kila moja limechaguliwa kati ya maelfu mawili, na yote yawe kwa mpangilio wake. Mashine zote za dunia zikikaa kubahatisha, jua litazimika kabla hazijamaliza. Akasikiliza kwa adabu kama anayesikiliza habari za nchi asiyoijua. Sijui kwa nini nilisema yote yale. Nadhani nilikuwa nikijiambia mwenyewe.

Nilikaa ndani ya gari nje ya nyumba ile nikalia, na mie si mtu wa kulia kazini. Nililia kwa hasira hasa. Mume na mke waliokaa pamoja umri mzima. Mume alimwambia mkewe ukweli mtupu, hii ndiyo nyumba yako, akauficha ndani ya kicheko. Mwenzake akausikia, akauweka kwenye dhambi. Na ulinzi wenyewe haukuwa mbaya! Alikuwa sahihi kabisa, hakuna mwizi wa Unguja angeigusa hirizi ya mtu. Alisahau tu kuwa mkewe si mwizi.

Siku iliyofuata kijana akaniomba jambo. Ofisi ilikuwa tupu, alikuwa amefunga mlango.

"Ziandike tu, dada. Ziko pale. Hujasema uongo. Umiliki umeuhakikisha mwenyewe, thamani umeihakikisha mwenyewe."

Nilikuwa bado sijamwambia habari ya hirizi. Mama yake alikuwa ameniomba nisimwambie, ila niseme maneno yamepotea, yaishie hapo. Nami nilikuwa nimemwambia kuwa siwezi, kwa sababu lazima niandike yamepoteaje na lini, na wote wawili watie saini. Yalipotea kabla mwaka haujafungwa. Siku ya mwisho ya mwaka kampuni haikuwa na uwezo wowote juu ya sarafu zile, na kitu usichokuwa na uwezo nacho si mali yako kwenye hesabu, hata kama risiti zote unazo. Hata mwezi tunauona, na hakuna kampuni iliyouandika.

"Siziandiki," nikamwambia. "Zinafutwa zote."

"Unajua unachokifanya? Ni nyumba ya mama yangu!"

"Najua."

Akaniita jina ambalo silirudii. Nikaliacha lipite. Angekuwa mwanangu ningetaka anipiganie vile vile.

Tukakutana Kiembe Samaki sote watatu, chumbani kwa mama, na nikaisoma barua ya wakurugenzi. Ni barua ya kawaida, kila kampuni inaitia saini. Ilisema sarafu zimo kwenye anwani, zilitokana na biashara ya kampuni, na kwamba hakuna mkurugenzi, mfanyakazi wala mtu mwingine anayejulikana kwao mwenye ufunguo au maneno ya kuurejesha, kwa kuwa karatasi pekee ilizamishwa baharini na mmoja wa wakurugenzi bila ya kujua ilikuwa nini. Niliandika "mmoja wa wakurugenzi." Nilidhani ni huruma. Wakurugenzi wenyewe walikuwa wawili.

Kijana aligeuza uso taratibu kumtazama mama yake. Mama akamweleza mwenyewe, kwa sauti ndogo, mwanzo mpaka mwisho, na alipofika kwenye mashua ya Kizimkazi yule mtu mzima akaweka viganja usoni. Baadaye akasema, "Si kosa lako, mama." Alisema vizuri. Lakini alikuwa akiuangalia ukuta, na mama aliona. Wakatia saini, mama kwanza.

Kijana alikwenda kupiga mbizi. Nilisikia kwa watu wa Kizimkazi kuwa alichukua mashua na wazamiaji wa kaa na pweza, wakashinda nje ya mwamba ule, na walipouliza wanatafuta nini akawaambia kifuko cha ngozi. Waliogopa kuendelea. Hata wangekipata, ingekuwa ngozi iliyooza na uji wa karatasi ndani yake.

Ripoti yangu ilitoka ilivyopaswa kutoka. Sarafu hazimo, hasara imeandikwa, na kuna aya ya shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea. Mkubwa wangu aliisoma akasema ni kazi safi. Nikamwomba asiseme hivyo tena mbele yangu.

Benki iliamua kunadi. Walikuwa watu wa hapa, wanajua mila, wakasema hawatamtoa mwanamke ndani ya eda. Wakangoja iishe. Kila mtu mjini aliwasifu kwa hilo, nami nikaona hakuna ukatili mpole kuliko ule. Mwanamke anahesabu siku zake za msiba, na wengine wanazihesabu pamoja naye kwa sababu yao.

Siku aliyotoka eda nilikwenda. Sikualikwa, na sikuwa na haki, maana kazi ilikuwa imekwisha. Mashoga zake walikuwa wamemkosha, wamemvisha kanga mpya, chumba kinanukia udi. Kwa kawaida ni siku ya faraja, mtu anatolewa nje, anapita kwa majirani, anarudi kwake ameanza maisha. Barazani kulikuwa na magodoro yaliyofungwa kamba, na gari la mizigo limesimama mlangoni. Alikuwa anakwenda kukaa Matemwe kwenye kibanda kimoja cha wageni, mpaka navyo vichukuliwe.

Aliponiona akaniita pembeni. Nilidhani atanilaumu. Ningefurahi.

"Nlikuwa nkimwombea, mwanangu," akasema. "Tangu alipozikwa. Kila usiku nnamwambia Mola msamehe mume wangu ile shirki. Nnalia kwa ajili yake. Kumbe hakufanya. Alikufa safi, nami ndiye niliyemsingizia kwa Mungu."

Nikaushika mkono wake.

Wanawake wakamwita, gari lilikuwa tayari. Akajitanda kanga yake vizuri. Kisha akaniuliza kama anayeuliza bei ya samaki, "Zile alizoniwekea, zingetosha?"

Ningeweza kumdanganya. Ungekuwa uongo mdogo, na Mungu angenisamehe. Lakini amekuwa akidanganywa kwa mzaha na kwa huruma miaka yote, na sikutaka kuwa mwingine.

"Zingetosha, Bi Mkubwa. Na zingebaki."

Akatikisa kichwa taratibu, akapanda gari, na hakugeuka kuitazama nyumba.